YAH: Ombi la kusogeza mbele kikao cha mapitio na tarehe ya kukabidhi mfumo wa stoo

12 Novemba 2025

Ndugu Meneja wa Stoo,

Habari za kazi.

Naomba tusogeze tarehe mbili: kikao cha mapitio kitoke Jumanne, 18 Novemba, kiwe Ijumaa, 28 Novemba, na kukabidhi mfumo kutoke 28 Novemba kuwe Ijumaa, 12 Desemba.

Tulipaswa kumaliza kuhamisha rekodi za zamani Ijumaa iliyopita, tarehe 7. Hatukumaliza. Siku moja kabla, wakati wa majaribio, tuliona bidhaa zilizopokelewa juzijuzi zikisomeka kama zimekaa stoo miezi kadhaa. Kumbe mfumo wa zamani ulikuwa ukiandika tarehe kwa namna mbili, kutegemea kompyuta iliyotumika: nyingine zilitanguliza siku, nyingine mwezi. Kwa hiyo 03/04 inaweza kuwa 3 Aprili au 4 Machi. Pale siku inapozidi 12 hakuna utata, lakini kati ya rekodi 41,000, rekodi 14,820 haziwezi kutambulika kwa kuziangalia tu. Tunazilinganisha moja moja na namba za hati za mapokezi, kwa kuwa hizo hufuatana. Kasi yetu ni rekodi 1,200 kwa siku. Hadi leo jioni tumefikisha 3,600, na zilizobaki zitakamilika tarehe 26.

Kosa ni letu. Tulikagua sampuli kutoka kompyuta moja tu, tukaamini zote zinafanana. Nawaomba radhi kwa dhati, hasa kwa kuwa najua mmekwishawapangia watu wenu ratiba.

Tungeweza kufanya kikao tarehe 18 kama kilivyopangwa, ila mngeoneshwa ripoti ya umri wa bidhaa yenye tarehe tusizoziamini, na hiyo ndiyo ripoti mnayoisubiri kuliko zote. Sioni haki kuwaomba muipitishe katika hali hiyo. Skrini za kupokea na kutoa mzigo ziko tayari. Mkipenda kuzijaribu wiki ijayo, nitawafungulia. Mafunzo ya watumiaji yanabaki wiki ya kwanza ya Desemba. Gharama haiongezeki hata kidogo.

Najua mna hesabu ya mali tarehe 31 Desemba. Tarehe mpya inawaachia zaidi ya wiki mbili kabla yake, na mfumo wa zamani hatutauzima mpaka hesabu hiyo iishe.

Tuna ombi dogo pia: mtunza stoo atupe saa moja kila asubuhi kwa njia ya simu. Baadhi ya hati hazina namba, na yeye anaikumbuka mizigo hiyo kuliko karatasi yoyote.

Tafadhali nijulishe kufikia Ijumaa hii, tarehe 14, kama tarehe hizi zinawafaa. Kama 28 haiwezekani, Jumatatu, 1 Desemba, nipo siku nzima. Kesho saa nne asubuhi nitakupigia, endapo ungependa tulizungumze kwanza.

Wako katika kazi,
Msimamizi wa Mradi