Kodi au hati? Nyumba moja ya Bamburi, hesabu mbili

Slaidi 1
KUPANGA AU KUNUNUA?
Nyumba ni ile ile: Bamburi, Mombasa, vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya pili.
Kodi: Sh30,000 kwa mwezi.
Bei: Sh6,500,000.
Telezesha.

Slaidi 2
Kwanza mjue aliyeshika kalamu.

Mimi ni mpangaji, Tudor, mwaka wa tisa sasa. Siuzi nyumba wala sina dalali nyuma yangu. Lakini mpangaji naye hupenda kujitetea, kwa hivyo kila slaidi nimempa shemeji yangu aisome kabla yenu. Yeye alinunua Mikindani kwa mkopo wa benki na hadi leo analipa. Aliponipinga, nimeandika alivyonipinga.

Slaidi 3
PESA YA MLANGONI

Mpangaji
Kodi ya mwezi wa kwanza: 30,000
Dipoziti: 30,000
Dalali: 30,000
Jumla: Sh90,000

Mnunuzi
Malipo ya awali, 20%: 1,300,000
Ushuru wa stempu, 4% mjini: 260,000
Wakili, mthamini, ada za benki: 180,000
Jumla: Sh1,740,000

Ule ushuru wa stempu ndio huwashtua watu. Umejibana miaka, umefikisha ile 20%, unafurahi, kisha wakili anakwambia bado robo milioni ya serikali. Na haukopesheki kirahisi, utoe mfukoni.

Slaidi 4
KILA MWEZI

Mpangaji: 30,000, na huduma za jengo zimo ndani.

Mnunuzi: mkopo wa 5,200,000 kwa miaka 20, riba 14% kwa mwaka. Rejesho 64,700. Ongeza huduma za jengo 5,000.
Jumla: Sh69,700.

Tofauti ni karibu 39,700. Ishike hiyo namba, tutairudia.

Slaidi 5
REJESHO LA KWANZA LINAKWENDA WAPI?

Katika zile 64,700 za mwezi wa kwanza:
Riba: 60,700
Deni linalopungua: 4,000

Husemwa kodi ni kumjengea mwenye nyumba. Sawa. Na riba je? Riba ni kodi ya pesa, na miaka ya mwanzo mnunuzi hulipa kodi hiyo mara mbili ya ile ya nyumba. Baada ya miaka mitano atakuwa amelipa benki karibu Sh3,880,000, na deni litakuwa limeshuka kutoka 5,200,000 hadi 4,856,000 tu.

Slaidi hii shemeji aliisoma akanyamaza kitambo.

Slaidi 6
KISHA SHEMEJI AKASEMA

"Umenificha mambo mawili."

La kwanza: riba ya mkopo wa nyumba unayokaa mwenyewe hutolewa kwenye mapato kabla ya ushuru, hadi Sh360,000 kwa mwaka. Mwajiriwa anayekatwa 30% anaokoa hadi 108,000 kwa mwaka, yaani 9,000 kwa mwezi. Mpangaji hana kitu kama hicho.

La pili: si kila mkopo ni wa 14%. Ukipata wa 9.5%, rejesho linashuka hadi 48,500 hivi. Nyumba haijabadilika, mnunuzi hajabadilika, na hesabu nzima imegeuka.

Kweli, nilivisahau vyote viwili. Ushuru nimeutia kwenye slaidi inayofuata. Riba nimeiacha 14%, nione hali ngumu kwanza.

Slaidi 7
BAADA YA MIAKA 5

Wote wawili walianza na Sh1,740,000 mkononi. Kodi inapanda 5% kila mwaka.

Mpangaji aliyeweka ile tofauti kila mwezi bila kukosa, hata pasipo faida ya shilingi moja: ana karibu Sh3,900,000.

Mnunuzi, bei ya nyumba ikipanda 5% kila mwaka: nyumba 8,296,000, toa deni, ongeza ushuru uliookolewa. Ana karibu Sh3,980,000.

Mnunuzi, bei ikisimama palepale: ana karibu Sh2,184,000.

Yaani bei ikipanda, wanakaribia kulingana. Isipopanda, mpangaji yuko mbele kwa zaidi ya milioni moja na nusu. Na mnunuzi akitaka kuuza, bado kuna dalali wa kumlipa. Ushuru wa faida ya mauzo, 15% tangu 2023, utampita ikiwa amekaa humo mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza.

Slaidi 8
LAKINI NANI ANAWEKA?

Shemeji tena: "Wewe miaka tisa Tudor, umeweka ngapi?"

Tuendelee.

(Nimeweka, lakini si 39,700 kwa mwezi. Kuna harusi mbili, kuna ada za shule, kuna pikipiki iliyoibiwa. Benki haiulizi habari za harusi, inakata. Kwa mtu wa sampuli yangu, kule kulazimishwa nako kuna thamani, ingawa hakuandikwi kwenye hesabu.)

Slaidi 9
BAADA YA MIAKA 20

Kodi ya 30,000 ikipanda 5% kila mwaka hulifikia rejesho la 64,700 mwaka wa 17. Mwaka wa 21 ni 79,600 hivi.

Mnunuzi mwaka wa 21: deni limekwisha. Anabaki na huduma za jengo, reti za kaunti na matengenezo.

Mwajiriwa wa miaka 35 leo atakuwa 55 siku hiyo. Kulipa karibu elfu themanini za kodi kutoka kwenye pensheni si jambo la kupita haraka, na hapa mpangaji asiye na akiba hana pa kujifichia.

Slaidi 10
"MIMI RIBA SILI"

Mombasa swali hili haliwezi kurukwa. Benki za Kiislamu zina musharaka inayopungua: wewe na benki mnanunua pamoja, unailipa benki kodi ya fungu lake, na kila mwezi unanunua kipande cha fungu hilo hadi nyumba yote iwe yako.

Kwa upande wa dini, muulize unayemwamini. Kwa upande wa pesa, usidhani ni rahisi kwa sababu tu haiitwi riba. Omba ratiba nzima ya malipo, jumlisha, linganisha na 64,700.

Slaidi 11
YASIYOINGIA KWENYE KIKOKOTOO

Maji. Bomba la kutoka Mzima lilijengwa miaka ya 1950, mji wenyewe umekua mara ngapi tangu hapo? Mfereji ukikauka wiki nzima, mpangaji hununua mitungi ya mkokoteni na mwisho wa mwezi anaweza kuhama. Mnunuzi hununua mitungi hiyo hiyo, kisha anachangia tangi na pampu. Kisima je? Onja kwanza: visima vingi vya karibu na bahari ni vya chumvi.

Hiyo chumvi pia hula grili, mabati, mashine za kupoza hewa. Shemeji amebadilisha grili zote za upande wa upepo. Mimi grili zangu zilipoliwa na kutu nilimpigia simu mwenye nyumba. Alikuja baada ya miezi minne, lakini alilipa yeye.

Notisi. Anayepanga mwezi kwa mwezi anaweza kuambiwa ahame kwa notisi ya mwezi mmoja. Na ile sheria ya kudhibiti kodi inalinda nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500, kwa hivyo wa 30,000 asiitegemee, ategemee mkataba wake. Mwenye hati haambiwi ahame, isipokuwa akishindwa kulipa benki.

Kazi. Ukihamishiwa Voi au Kisumu, mpangaji hufunga virago. Mnunuzi anageuka mwenye nyumba wa mbali, na atatafuta mpangaji wa 30,000 alipie rejesho la 64,700.

Slaidi 12
KUNUNUA NINI HASA?

Slaidi hii ni ndefu, mnisamehe. Huku kwetu neno "nimenunua nyumba" lina maana mbili.

Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe, kuna nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, paa ni lako, ardhi ni ya mtu mwingine, nawe unamlipa kodi ya kiwanja. Wengine wamerithishana nyumba hizo kizazi hadi kizazi. Mizizi yake ni ya zamani: sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa mwambao wapeleke madai yao, na wasiodai hawakupata hati. Majina ya wachache yakabaki kwenye karatasi, watu wengi wakabaki juu ya mchanga.

Ukiuziwa nyumba ya namna hiyo kwa Sh1,500,000, bei ni nafuu kwa sababu. Benki kwa kawaida haikubali kuishika kuwa dhamana. Mwenye ardhi akiuza, unaanza mazungumzo upya na mtu usiyemjua. Mkataba wa nyumba unaweza kuwa halali kabisa na bado usikupe haki juu ya udongo ulio chini yake.

Sisemi usinunue. Bibi yangu aliishi na kufia ndani ya nyumba kama hiyo kwa amani. Ninasema usiipime kwa hesabu ya slaidi ya 7. Bei ya ardhi ikipanda, anayefaidi ni mwenye ardhi.

Slaidi 13
KABLA YA ARUBUNI

Mnunuzi: upekuzi rasmi wa hati kwenye masijala ya ardhi, ufanywe na wakili wako, si wa muuzaji. Miaka iliyobaki kama ni ardhi ya kupangishwa na serikali. Risiti za reti. Kwa ghorofa, uliza kama kila nyumba ina hati yake chini ya sheria ya 2020 ya umiliki wa nyumba za ghorofa au bado kuna hati mama moja tu.

Mpangaji: mkataba ulioandikwa, kodi itapanda kwa kiasi gani na lini, dipoziti inarudi kwa masharti gani. Piga picha kila ukuta siku unayoingia.

Slaidi 14
HESABU IMESIMAMA JUU YA HAYA

Riba 14% isiyobadilika miaka 20 (mikopo mingi hubadilika).
Kodi kupanda 5% kwa mwaka.
Huduma za jengo 5,000 bila kupanda (zitapanda).
Akiba ya mpangaji bila faida (angeweza kupata faida).
Matengenezo na bima ya mnunuzi: sikuweka.

Badilisha namba moja tu, uone jibu linavyohama. Ukikaa miaka mitatu, weka mitatu. Ukijua utazikwa Bamburi, weka thelathini.

Maelezo chini ya picha
Shemeji ameisoma yote, amesema "si mbaya kwa mpangaji." Yeye bado anaona alifanya vyema kununua, mimi bado sijahama Tudor. Wenye riba tofauti na 14%, andikeni kiwango na miaka yenu hapo chini, niwapigie rejesho. Majina ya madalali na matangazo ya viwanja nitayafuta.