Ardhi ikitikisika: maneno machache baada ya misa

Jambo wamama, jambo wababa. Chefu, asante kwa nafasi. Sitawaweka sana, najua kuna wenye maharagwe motoni, na moto huo nitautaja.

Mimi ni fundi wa matofali, si mtu wa mashine za kupima. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Mungu, asubuhi kama saa tatu na nusu, nilikuwa Bukavu nikinawa uso nyuma ya nyumba. Ardhi ikanguruma kama lori linapanda mlima, kisha ikatikisika. Nilipoingia ndani baadaye, tofali lilikuwa limelala juu ya mto wa mtoto wangu. Yeye alikuwa ameamka kwenda haja. Ukuta ule niliujenga mimi mwenyewe, udongo mwingi na saruji kidogo, na pembetatu ya juu chini ya manjanja haikufungwa na kitu. Ng'ambo ya Rusizi, upande wa Rwanda, watu walikufa ndani ya makanisa. Ardhi haikuwameza. Waliangukiwa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: juu yako kuna nini? Kutikisika mara nyingi huisha kabla hujamaliza Baba Yetu. Kama uko hatua mbili tatu kutoka mlangoni, na nje ni uwanja mtupu, toka, ukiwa umefunika kichwa kwa mikono. Kama uko mbali, usikimbie. Ingia chini ya meza ngumu, ushike mguu wake, kwa sababu meza nayo inatembea. Hakuna meza? Jikunje chini kando ya kitanda, mbali na dirisha na kabati, mikono juu ya shingo. Wazee walitufundisha kusimama mlangoni. Kwa nyumba zetu hizi, mimi siwezi kumwambia mtu hivyo: nimeona miimo imebaki imesimama na tofali za juu yake ziko chini.

Kanisani au darasani, tatizo la pili ni mlango. Watu mia tatu wakiuendea pamoja, watakanyagana. Inama kati ya mabenchi. Watoto, chini ya dawati, mpaka mwalimu aseme tokeni kwa mstari.

Ukiwa nje, baki nje, mbali na kuta, nguzo na waya za umeme. Mwenye pikipiki asimame. Aliye chini ya mteremko aangalie mawe juu yake, asogee pembeni. Aliye ufukweni mwa ziwa apande juu, asisubiri kuona maji yatafanya nini.

Ikitulia, zima jiko. Hayo ndiyo maharagwe niliyosema. Vaa viatu, maana vioo na misumari vitakuwa chini. Hesabu watu wako, kisha jirani, hasa bibi anayeishi peke yake. Aliyefunikwa asipige kelele mpaka achoke. Agonge jiwe kwa jiwe, tutasikia.

Sasa, siku zinazofuata. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mwaka ule wa 2008, tulipoanza kurudi kulala ndani, tarehe 14 ardhi ikatikisika tena kwa nguvu. Ukuta uliopasuka mara ya kwanza unasubiri tu kusukumwa. Mitikisiko midogo inaweza kuendelea siku nyingi, hata majuma, ikipungua polepole, na katikati yake mmoja mkubwa unaweza kujitokeza. Hakuna anayeweza kukuambia saa wala siku. Anayezunguka usiku akisema "saa nane itarudi" ni mwongo, hata kama ni shemeji yangu.

Nyumba yenye ufa unaopitisha kidole, ukuta ulioinama, au mlango uliokataa kufunga, msilale humo. Niiteni nije kuangalia, siombi pesa. Usirudi kuchukua redio. Mbuzi ajitafutie njia. Laleni uwanjani chini ya hema, si karibu na ukuta, si chini ya mteremko. Mvua ikinyesha juu ya mlima uliotikiswa, udongo unashuka. Na jiko la makala lisiingie hemani hata kama baridi inauma: moshi usioonekana unaua watu usingizini. Tumieni tochi, si mshumaa. Chemsheni maji, na chemchemi ikitoka tope, tuambiane.

Leo mkifika nyumbani, fanyeni jambo moja tu: sogezeni kitanda cha watoto mbali na ukuta, na mtoe sanduku zito lililo juu ya kabati.

Haya, watoto wa mbele, nikipiga hii sufuria mnaingia chini ya mabenchi. Wazee pia, Chefu ataanza.