Naomba jioni ya Jumatano

Mume wangu mpenzi,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu jambo hili nimeshajaribu kulisema kwa mdomo mara mbili, na mara zote mbili limenitoka vibaya. Lile neno "niache kidogo" nililokurushia mwezi uliopita ndilo lilikuwa hili. Ukaniacha kweli, ukalala umenipa mgongo, nami nikakaa macho usiku kucha nikitafuta namna ya kulirudisha. Sasa naliandika taratibu. Tafadhali lisome ukiwa umetulia, kazi ukiwa umeiweka pembeni.

Nianze na ombi lenyewe, usije ukasoma roho ikiwa juu. Naomba kila wiki nipate jioni moja ya kuwa peke yangu. Nimefikiria Jumatano, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, kwenye kile chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Saa 3 ikifika natoka, nakuja kukaa na wewe kama siku zote. Ni hilo tu. Hakuna jingine lililojificha nyuma yake, na sijachoka na wewe.

Naandika hivyo kwa kuwa najua swali hilo unalo. Alhamisi iliyopita uliniona dirishani nimekaa ndani ya gari, taa zimezimwa, dakika kama 20. Nilipoingia ukaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu nilikuwa naongea naye. Nikajibu "hapana, uchovu tu," nikapita. Lilikuwa jibu la kweli lakini fupi mno, na wewe ulistahili refu. Hili hapa: sikuwa naongea na mtu yeyote, na hicho ndicho nilichokifuata mle garini. Nilizima injini, nikafumba macho, nikakaa mahali ambapo hakuna anayenitegemea nimjibu. Nilikuwa najua uko ndani unanisubiri. Nilitamani kuingia. Ila nilijua pia kwamba nikiingia dakika ile, utapata mwili wangu tu.

Unajua kazi yangu ilivyo, lakini labda sijawahi kukueleza inavyoniacha jioni. Kwa siku napokea simu 60, siku nyingine 70. Karibu kila anayepiga ana jambo lililomwudhi, na kila mmoja lazima nimjibu kwa upole kana kwamba ndiye wa kwanza. Nikivua hedifoni saa 11, sauti zao zinaendelea kichwani. Nakuwa kama mtu aliyeshiba hadi kooni.

Halafu nafika nyumbani, na wewe umeshinda peke yako tangu asubuhi na mahesabu ya watu, hujasikia sauti ya mtu mzima siku nzima. Habari zote za siku umeniwekea, kama mtu anavyomfunikia mwenzake sahani. Naliona hilo, mpenzi. Naona unavyofunga kompyuta ukisikia funguo zangu mlangoni. Hakuna mtu mwingine duniani anayenisubiri hivyo. Nami nakaa mbele ya sahani hiyo nimeshiba, natia tonge moja mdomoni kwa heshima, natafuna bila kuonja.

Wiki mbili zilizopita ulinihadithia habari ya yule mteja aliyekusumbua mwaka mzima, kwamba hatimaye amekubali masharti yako. Nikaitikia "enhe", nikasema "vizuri sana". Siku mbili baadaye nikakuuliza, eti yule mteja umefikia naye wapi. Uso wako niliuona. Hukusema kitu, ukanijibu kwa upole, ukanisimulia tena kwa kifupi. Kile kifupi ndicho kilichoniuma. Ulikuwa umeshajifunza kwamba sisikilizi, na umeanza kupunguza maneno ili usinichoshe. Sitaki tufike huko. Sitaki uwe mtu wa kupunguza maneno ndani ya nyumba yako.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani linatuponza bila sisi kulijua. Wewe umekulia nyumba ya ndugu wengi, na umewahi kuniambia kwamba kwenu mtu akinyamaza, wote walijua kuna jambo: kuna aliyekasirika, au kuna habari mbaya inakuja. Mimi nimelelewa na bibi. Jioni nzima tungeweza kukaa, yeye anashona, mimi nasoma, tusiseme neno hadi wakati wa kulala, na hakuna aliyedhani mwenzake amenuna. Ule ukimya ulikuwa namna yetu ya kuwa pamoja na namna yetu ya kupumzika. Kwa hiyo mimi nikinyamaza nahisi napumua, na wewe ukiniona nimenyamaza unahisi kuna mlango unafungwa. Wote wawili tuko sahihi kwa tulivyolelewa.

Na sijasahau ulichonisimulia mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kuhusu yule uliyekuwa naye kabla yangu. Alikuomba muda wa kuwa peke yake, ukampa kwa moyo mweupe, na baada ya miezi miwili hakuwepo tena. Ningekuwa mkatili kukuletea ombi linalofanana na lile bila kulitaja. Nimeliwaza sana kabla ya kushika simu kuandika. Yeye hakukwambia ni muda gani, wala atakuwa wapi, wala atarudi lini, akakuachia wewe kazi ya kukisia. Mimi nakupa siku, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na nitakuwa hatua chache kutoka ulipokaa, nimevaa zile soksi zako nene unazonigombeza nazo. Najua maneno hayafuti kidonda. Ukiona hofu inarudi Jumatano ya kwanza, au hata ya tatu, niambie. Sitaichukulia kama lawama.

Utataka kujua nitafanya nini humo ndani. Mara nyingi, nadhani, hakuna kitu. Nitalala sakafuni niangalie dari. Kuna ile shali niliyoianza nikiwa na mimba ya binti yetu, bado ina nusu. Kuna daftari ambalo zamani nilikuwa naliandika kila wiki, na ukurasa wa mwisho una miaka mitatu sasa. Simu yangu nitakuachia wewe sebuleni. Sikuachii kama mtu anayejitetea. Simu ndiyo hasa ninayoikimbia, na nikiwa nayo sitapumzika.

Najua ombi hili lina gharama kwako, na sitaki kulipaka sukari. Binti yetu ana miaka mitano, na saa hizo ndizo anazotaka kuogeshwa, kulishwa, kusomewa na kuulizwa maswali yote aliyoyakusanya. Utabaki naye peke yako baada ya siku nzima ya kazi. Chakula cha Jumatano nitakiandaa Jumanne usiku, kibaki cha kupasha moto tu. Na Ijumaa jioni iwe yako, saa zile zile tatu, mimi nitashughulika na mtoto. Nenda ukaonane na rafiki zako ambao umekuwa ukiwaambia "wiki ijayo" tangu sijui lini, au lala, au kaa hapo hapo tupige soga, kama hicho ndicho unachokitamani. Huwajibiki kuwa mpweke kwa sababu mimi nimeomba upweke.

Kwa mtoto naomba tutumie maneno mamoja. Tumwambie "mama anapumzika, saa 3 anatoka". Tusimwambie "mama hataki kelele", maana ataanza kudhani yeye ndiye kelele. Najua mwanzoni atagonga mlango. Akigonga nitafungua, nitambusu, nitamrudisha kwako. Akiwa na homa, au wewe ukiwa umepata siku mbaya, ya zile unazorudi kukaa kimya kwenye ngazi, gonga hata kama ni saa 12 na dakika 5. Sitataka kuambiwa saa 3 kwamba ulivumilia.

Tujaribu kwa wiki nne kwanza. Baada ya hapo tukae tuulizane imekuwaje: mimi nimerudi kwako nikiwa na masikio, au nimejifungia bure? Wewe umepumua, au umekuwa ukihesabu dakika? Kama Jumatano inakugongana na kazi za mwisho wa mwezi, chagua siku nyingine, mimi sina ugomvi na jina la siku. Kama saa tatu ni nyingi, tuanze na mbili. Ninachokuomba usinifanyie ni kimoja: usiniambie "hamna shida" kwa ile sauti. Unaijua. Ni afadhali uniambie "inaniuma, lakini tujaribu", au hata "sipo tayari bado", tulizungumze hadi tulielewe wote.

Mengine yote nataka yabaki. Zile dakika kumi za asubuhi kabla mtoto hajaamka, tukiwa tumelala tu na mguu wako umenikandamiza, sizibadilishi na kitu. Matembezi ya Jumamosi ni yetu. Ule mkono unaoniwekea mgongoni nikiwa naosha vyombo, bila kusema neno, sijui kama unajua unavyonituliza; wakati mwingine nachelewesha sufuria ya mwisho makusudi ili usiuondoe. Nadhani ndiyo maana najua kwamba ninachokihitaji hakiko mbali na wewe. Mkono ule nauhitaji siku zote. Ni maneno tu ndiyo yananiishia, na nikipewa jioni moja ya kuyaachia yajae tena, yatakayojaa ni yako kwanza, siyo ya wale wa kwenye simu.

Hulazimiki kujibu hapa. Leo natoka saa 11, na nikifika nitaingia ndani moja kwa moja, sitakaa garini. Mtoto akishalala tukae kwenye kochi, uniambie umelipokeaje, hata kama ni kwa hasira. Halafu, kama hutajali, nihadithie ile habari ya mteja tangu mwanzo, siyo kwa kifupi. Nataka kujua alikujaje, ulimwambiaje, na uso wake ulikuwaje alipokubali.

Mkeo