Jibu la Notisi ya Kupandisha Kodi

Mpangaji, Nyumba Na. 4
28 Mei 2025

Kwa Mwenye Nyumba

YAH: KUPINGA NOTISI YA KUPANDISHA KODI KUANZIA 1 JUNI 2025

Mama, salaam.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Notisi yako yenye tarehe 24 Mei nilikabidhiwa na msimamizi wa nyumba jioni ya Jumatatu, tarehe 26 Mei, na nikaisaini mbele yake kuwa nimeipokea. Inasema kodi yangu itapanda kwa asilimia 30 kuanzia tarehe 1 Juni. Tangu nilipoipokea hadi siku hiyo ni siku sita.

Kifungu cha 7 cha mkataba wetu kinasema kodi haitabadilishwa ila kwa notisi ya maandishi isiyopungua siku 60. Hakikuweka tofauti kwa sababu yoyote, iwe ukarabati, iwe kupanda kwa gharama. Kwa hiyo notisi hii siikubali, na kodi ya Juni nitalipa kiwango kilichomo kwenye mkataba.

Naomba uione hali hii ukiwa upande wangu. Kifungu cha 9 kinanidai na mimi nitoe notisi ya siku 60 nikitaka kuhama. Maana yake, hata kama kodi mpya ingenishinda leo na nikaamua kuondoka kesho, bado ningelazimika kuilipa kwa miezi miwili kabla ya kuruhusiwa kutoka. Notisi ya siku sita inaninyima nafasi ya kutafuta pesa, ya kuzungumza na wewe, na ya kutafuta pengine pa kuishi, vyote kwa mpigo. Siku 60 ziliwekwa ili nisibanwe namna hiyo. Mshahara wa mwezi huu umeshagawanywa, karo za watoto zikiwemo, na hakuna mwajiri anayeongeza mshahara ndani ya wiki moja kwa sababu kodi ya mfanyakazi wake imepanda.

Notisi yako inataja pampu mpya ya maji na rangi ya nje. Pampu imetusaidia sana, na nilikushukuru ilipofungwa. Lakini kazi hiyo ilikamilika mwezi wa Machi. Kama gharama zake zilikusudiwa kuingia kwenye kodi, notisi ingeweza kutolewa wakati ule ule, na leo nisingekuwa na hoja yoyote kuhusu muda.

Kuna sentensi moja ya mwisho inayonisumbua zaidi kuliko hiyo asilimia 30. Umeandika kwamba mpangaji atakayeendelea kukaa baada ya tarehe 1 Juni atahesabiwa amekubali kodi mpya. Mimi nitaendelea kukaa kwa sababu mkataba wangu ni hai na kodi yangu nalipa. Kukaa kwangu kusichukuliwe kuwa ni kukubali, na barua hii iwe ushahidi wa hilo.

Tarehe 1 Juni nitaweka kodi ya kawaida, kamili, kwenye akaunti ile ile ya benki ninayolipia siku zote. Naomba stakabadhi iandikwe "kodi ya Juni, imelipwa yote", isiandikwe kuwa ni malipo pungufu wala tofauti isibebwe mbele kama deni. Amana yangu nayo isiguswe kufidia tofauti hiyo. Msimamizi alinigusia kwa mdomo habari za kubadilisha kufuli kwa watakaochelewa. Sijui kama maneno hayo yametoka kwako, na naamini hayajatoka kwako, lakini naomba umwambie wazi kwamba suala hili linamalizwa kwa mkataba na mazungumzo.

Nikihesabu siku 60 tangu tarehe niliyopokea notisi, zinatimia 25 Julai. Kwa kuwa kodi yetu inalipwa kila tarehe 1, mwezi wa kwanza ambao kodi mpya ingeweza kuanza ni Agosti. Ukitaka kupandisha, toa notisi nyingine inayofuata kifungu cha 7. Kiwango chenyewe nacho naomba tukizungumze, kwani asilimia 30 kwa mara moja ni mzigo mkubwa mno kwangu, wakati ongezeko dogo, au lililogawanywa kwa awamu mbili, ningeweza kulibeba. Nipo tayari kuja kwako Jumamosi tarehe 7 Juni, asubuhi au alasiri, wakati utakaokufaa.

Kabla ya hapo, naomba unijibu kwa maandishi ifikapo tarehe 4 Juni kwamba notisi ya tarehe 24 Mei imeondolewa. Huu ni mwaka wangu wa nne katika nyumba hii na sijawahi kuchelewesha kodi. Napenda kuendelea kuishi hapa, tukiheshimu wote wawili yale tuliyotia saini.

Nimeambatanisha nakala ya ukurasa wa mkataba wenye vifungu vya 7 na 9, pamoja na nakala ya notisi yenye saini na tarehe ya kupokelewa.

Wako mpangaji,
Nyumba Na. 4

Nakala: Msimamizi wa nyumba