Barua ya shukrani kwa Shangazi, kwa vitambaa vya makochi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na kwamba lile goti limepata nafuu tangu tulipozungumza. Sisi huku hatujambo, na watoto wanakuamkia.

Kifurushi kilifika Jumamosi asubuhi, kimefungwa kwa uangalifu wako tunaoujua wote, karatasi juu ya karatasi, na juu kabisa kile kikaratasi chenye mwandiko wako: “Mwanangu, nyumba mpya makochi hayakai uchi.” Nilikisoma kwa sauti na kila mtu akacheka kwa furaha, kwa sababu tulikusikia kana kwamba umesimama mlangoni. Nimekiweka pamoja na barua za marehemu Bibi, na humo ndimo kitakamokaa.

Shangazi, asante. Asante sana. Nilivitandaza vitambaa vyote sita juu ya kitanda na kuvitazama kimoja kimoja kwa muda mrefu. Nilikigeuza kimoja niangalie upande wa chini, maana nilipokuwa mdogo uliniambia kwamba kazi ya mfumaji hukaguliwa kwa nyuma, na sikuona hata ncha moja ya uzi iliyoachwa ikining’inia. Zote umezirudisha ndani ya mishono hadi hazijulikani zilipoishia. Lile ua la katikati, lenye petali nane zilizoinuka, limelingana katika vitambaa vyote sita, na ukingo wake umelala sawa bila kujikunja hata mahali pamoja. Najua mfumaji akikaza uzi siku moja na kuulegeza siku nyingine, kitambaa humsema. Hivi vyako havisemi lolote isipokuwa kwamba mkono wako bado ni uleule.

Najua pia kwamba siku hizi unafumia dirishani mchana tu, kwa kuwa mwanga wa taa unakuchosha macho. Kwa hiyo sikupokea vitambaa peke yake. Nimepokea mchana wako mwingi, ambao ungeweza kuutumia kupumzika, ukautumia kunifikiria mimi na nyumba yangu. Hilo limenigusa kuliko ninavyoweza kueleza, na wala sihitaji kuliongezea chumvi.

Katika simu uliniuliza mambo mawili, kama rangi zimenipendeza na kama uanze kufuma seti nyingine ya meza ya chakula, na mimi nikakujibu kwamba nitakuandikia. Nilifanya hivyo makusudi, kwa sababu maswali yako yanastahili jibu lililofikiriwa, si neno la kupita. Kuna aliyenishauri niseme tu kwamba kila kitu kimenipendeza, mambo yaishe. Ningefanya hivyo, ungenunua nyuzi kesho yake na kukaa tena dirishani kwa ajili ya jibu ambalo halikutoka moyoni mwangu, nami nisingeweza kukutazama usoni.

Kuhusu rangi, basi, nakuambia kama mtoto anavyomwambia mzazi wake. Zambarau na manjano si rangi ambazo ningezichagua kwa sebule yangu. Kadiri ninavyokua ndivyo ninavyozidi kupenda chumba kilichopoa, chenye rangi chache na vitu vichache juu ya samani, na hata makochi nimeyaacha wazi kwa sababu nayapenda hivyo. Lakini najua rangi hizo zilitoka wapi. Ulikumbuka lile gauni la zambarau nililokuwa nikikataa kulivua hata usiku, likafuliwa hadi likachanika. Hukukosea, Shangazi, yule mtoto ulimwona sawasawa, na katika watu wote ni wewe peke yako uliyemkumbuka. Ni mimi niliyebadilika njiani, na kwa kuwa tunaonana mara chache, usingejua hilo pasipo mimi kukuambia.

Ninakuambia mapema pia kwa sababu unakuja mwezi ujao. Sipendi uingie sebuleni, ukute makochi hayana kitu, kisha ukae kimya ukijiuliza kama kazi yako ilidharauliwa. Haikudharauliwa hata kidogo. Vitambaa vinne nimevitandika katika chumba cha wageni, viwili kwenye viti vya dirishani, kimoja juu ya meza ndogo na kimoja juu ya kabati, na pale ukuta ni mweupe mtupu, kwa hiyo rangi zake zinapata nafasi yake. Humo ndimo utakamolala. Cha tano binti yangu amekiomba kwa ajili ya meza yake ya kusomea, na hakushawishiwa na mtu. Alikiona tu akasema anataka chenye “maua ya kusimama,” na tangu hapo hataki mtu aweke kikombe juu yake. Cha sita nimekikunja ndani ya shuka safi pamoja na vitu ninavyowatunzia watoto, nikaandika kwenye karatasi kwamba kilifumwa na wewe, kwa mkono, na mwaka uliokifuma. Siku wakiuliza ufundi wa familia yetu ulikuwaje, sitakuwa na haja ya kuhadithia kwa maneno matupu.

Kuhusu seti ya meza, naomba usiianze. Naliandika hili kwa heshima zote, na usilisome kama mlango uliofungwa. Ningependa macho yako yapumzike, na meza yetu tunaiacha bila kitambaa kwa sababu watoto wanaifanyia kazi za shule na rangi za maji, na ingeniuma kuona mishono yako ikipata madoa. Lakini ikiwa mikono haitaki kukaa bure, na najua haitaki, basi kuna jambo moja ninalolitaka kweli. Njoo na sindano yako ya kufumia na uzi wowote uliobaki, umfundishe huyu binti kuanzisha lile ua. Ameshajaribu kuhesabu petali na kufuata uzi kwa kidole ili aone unapita wapi, na ameshindwa kujua unarudije chini ya petali bila kuonekana. Mimi sikuweza kumjibu. Ulijaribu kunifundisha nikiwa na umri wake nami sikuwa na subira; yeye anayo, na nadhani ameirithi kwako.

Naomba pia unieleze namna ya kuvifua. Kimoja nilikiloweka katika maji baridi na sabuni kidogo, nikakikamua kwa kukibana ndani ya taulo bila kukisokota, kisha nikakilaza juu ya taulo jingine kivulini nikiinyoosha kila petali kwa vidole. Rangi haikutoka. Ila sijui kama ulivitia wanga ili visimame, na kama ni hivyo, niutie mwepesi kiasi gani, maana ukingo sasa umelegea kidogo kuliko ulipofika.

Ikiwa kuna neno humu limekukwaza, nipigie simu uniambie kama ambavyo umekuwa ukiniambia siku zote, nami nitalipokea. Nimeandika hivi kwa sababu nakuamini, na kwa sababu zawadi uliyoifanya kwa moyo mweupe haikustahili kujibiwa kwa uongo hata mdogo. Asante kwa kunikumbuka, kwa kazi yako safi, na kwa mchana wote ule.

Baba anakusalimu na anasema umjulishe siku ya safari mapema ili aje kukupokea kituoni. Usibebe mzigo mzito kwa ajili yetu. Sindano na uzi vinatosha.

Mwanao akupendaye,
Rehema