Shangazi, vibao vya hospitali viko hivi

Shikamoo shangazi. Baba mdogo ameshatolewa dharura, kwa hiyo kesho usifuate kibao chekundu cha EMERGENCY wala EMD. Amelazwa wodi ya mifupa ya wanaume, ghorofa ya kwanza, kitanda namba 14. Kibao chake kimeandikwa:

ORTHOPAEDIC WARD – MALE

Kisome hadi mwisho. Wodi ya watoto ni PAEDIATRIC, na maneno hayo mawili yanafanana sana. La mifupa linaanza na O, la watoto linaanza na P. MALE ni wanaume. Ukiona FE imetangulia, FEMALE, hiyo ni ya wanawake, rudi.

Ukiingia geti kuu utaona OPD. Ni wagonjwa wa nje, wanatibiwa na kurudi nyumbani, hakuna vitanda. Ipite. Mshale ukielekea juu maana yake nenda mbele moja kwa moja, si kupanda ngazi. Ngazi ni STAIRS. Kwenye lifti, G ni chini ulipo. Wewe bonyeza 1.

Njiani utakutana na LABORATORY, maabara, na LABOUR WARD, yaani leba, wanakojifungulia. Yote yanaanza na LABO, na leba mlinzi hakuruhusu kupita. ENT nayo si mlango wa kuingilia, ni kliniki ya masikio, pua na koo. MEDICAL WARD wengi hudhani ni dirisha la dawa, kumbe ni wodi ya magonjwa yasiyohitaji kupasuliwa, kama presha na nimonia. Dawa zinachukuliwa PHARMACY.

Ukikuta kitanda kitupu usishtuke. Huenda amepelekwa X-RAY kupigwa picha ya mguu, au THEATRE, chumba cha upasuaji, kuwekewa chuma. Akitoka huko hurudishwa wodi hiyohiyo ya mifupa, usihangaike kumtafuta SURGICAL WARD kwa kuwa tu umesikia amepasuliwa. ICU ni ya mahututi na HDU ni uangalizi wa karibu. Huko usiende mpaka muuguzi akuambie.

Muuguzi yuko kwenye meza yenye kibao NURSES STATION. Mtajie majina matatu ya baba mdogo kama yalivyo kwenye kadi yake ya bima. Lile jina la kijijini halimo kwenye daftari lao, na hapo ndipo ndugu huambiwa mgonjwa hayupo wakati amelala hatua kumi kutoka hapo.

Kuona wagonjwa jioni ni saa 10 hadi saa 12. STAFF ONLY ni mlango wa wafanyakazi, usiufungue. TOILET ni choo, kiko mwisho wa korido. Ukipotea, simama palepale chini ya kibao, nipigie, unisomee herufi mojamoja.