Kumbusho: Vipimo vya Damu, Alhamisi Tarehe 11 Juni 2026

Habari za leo. Ujumbe huu unakuja kwako kwa sababu jina lako limo kwenye orodha yetu ya kutoa damu Alhamisi hii, tarehe 11 Juni, asubuhi. Tunautuma leo Jumatatu ili upate siku tatu za kujiandaa.

Kwa ufupi ni hivi: kula mara ya mwisho Jumatano kabla ya saa 3 usiku. Baada ya hapo ni maji matupu tu mpaka utoe damu. Fika kliniki saa 1 asubuhi. Njoo na fomu ya vipimo, kitambulisho, kadi ya kliniki na dawa zako zote. Kama unatumia dawa ya kisukari, tafadhali usiishie hapa. Soma sehemu inayokuhusu huko chini.

Kuhusu saa, simu nyingi zinaonyesha muda kwa namna yake. Saa 3 usiku ya Jumatano simu yako itasoma 21:00, na saa 1 asubuhi ya Alhamisi itasoma 07:00. Ukitega kengele, tega kwa namba hizo. Tumeshawahi kumpokea mtu saa 7 mchana akiwa bado hajala, kwa kuwa alisoma 7:00 akaielewa kwa saa zetu. Alikuwa amekaa na njaa zaidi ya saa 16, na damu ya siku ile hatukuichukua, maana mtu akipitisha saa 14 hivi bila chakula, mwili unazidi kuchota akiba yake na majibu yanaweza kupotoka nayo.

KUFUNGA MAANA YAKE NINI

Tunaposema "kufunga" hatumaanishi kufunga kwa ibada. Maji yanaruhusiwa, na si kuruhusiwa tu, tunakuomba uyanywe. Kunywa glasi moja kabla ya kulala na nyingine moja au mbili ukiamka. Isipokuwa kama daktari amekupimia kiasi cha maji kwa sababu ya moyo au figo. Hapo fuata kipimo chako.

Tunalisisitiza hili kwa sababu tunaliona kila wiki kwenye kiti cha kutolea damu. Mama mmoja alikuja mwezi uliopita akiwa hajagusa hata tone la maji tangu jioni, akiamini ndivyo alivyoagizwa. Mkanda ulifungwa mkononi, ngumi ikakunjwa, mshipa haukuonekana. Tulimchoma mkono wa kulia, tukahamia wa kushoto, ndipo damu ikapatikana mgongoni mwa kiganja, na ilitoka kwa kudondoka. Aliondoka na michubuko miwili ambayo glasi mbili za maji zingemwepusha nayo. Ilituuma, maana maelezo yetu ya siku ile hayakuwa wazi vya kutosha.

Maji tunayosema ni maji peke yake. Chai ya rangi isiyo na sukari, kahawa, maji ya ndimu, juisi na soda, hata ile inayoandikwa haina sukari, viache vyote. Jojo na bablishi pia viache, na sigara usivute asubuhi hiyo. Kupiga mswaki piga, ila usimeze dawa ya meno. Pombe iache kuanzia Jumanne usiku, kwa kuwa hupandisha mafuta kwenye damu na athari yake haiishi kwa kulala usiku mmoja. Mazoezi mazito ya Jumatano nayo yaahirishe; misuli iliyochoka huachia kemikali zinazoweza kuonekana kana kwamba ini lina tatizo.

Chakula cha Jumatano jioni kiwe kile kile unachokula siku zote. Usijinyime ili majibu yawe mazuri, wala usijishindilie kwa kuogopa njaa ya asubuhi. Tunataka kuona mwili wako ulivyo katika maisha yako ya kawaida.

Sababu ya yote haya ni rahisi kuiona kwa macho. Maabara wanapozungusha chupa ya damu kwenye mashine, chembe hushuka chini na juu hubaki maji ya rangi ya manjano mepesi yanayoangaza. Ya mtu aliyetoka kula chakula chenye mafuta mara nyingine hubadilika, yakawa meupe mazito kama maziwa, na vipimo kadhaa havisomeki humo. Sukari nayo hupanda baada ya mlo kwa kila mtu. Tukipima sukari ya mtu aliyefunga tukakuta 7.0 au zaidi, tunafikiria kisukari na tunarudia kuhakikisha. Namba hiyo hiyo saa moja baada ya kunywa chai yenye sukari inaweza kuwa haina maana yoyote. Kwa hiyo kikombe kimoja tu kinaweza kumfanya mtu aitwe mgonjwa wa kitu asichonacho.

Kama ukisahau ukala, au umeonja tu mboga ukipika, tuambie mlangoni. Hakuna atakayekugombeza. Tutaangalia vipimo vyako. Vingine havihitaji kufunga kabisa, kwa mfano kile cha wastani wa sukari ya miezi mitatu na kile cha wingi wa damu, na hivyo tutavichukua siku hiyo hiyo. Vilivyobaki tutakupangia siku nyingine ya karibu. Tunachokiogopa sisi ni mtu kunyamaza, halafu daktari akaongeza dawa kwa sababu ya majibu ambayo si yake.

DAWA

Dawa za presha meza kama kawaida, kwa maji. Dawa za kuzuia kifafa, za moyo, za pumu na nyinginezo za kila siku pia zisikatishwe, isipokuwa daktari wako amesema vingine. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache, ila amwambie mtoa damu kabla hajachomwa, ili tukandamize kwa muda mrefu zaidi. Kama unapimwa tezi la shingo, kidonge chake cha asubuhi meza baada ya kutoa damu.

Vidonge vya nywele, ngozi na kucha vyenye bayotini viache kuanzia leo. Vinauzwa bila cheti na wengi hawavihesabu kuwa dawa, lakini vinavuruga vipimo vya homoni. Vidonge vya madini ya chuma, kama unapimwa chuma, viache kuanzia Jumatano asubuhi.

Sasa wewe mwenye KISUKARI. Vidonge vya sukari vya Alhamisi asubuhi usivimeze nyumbani. Njoo navyo, utoe damu, kisha umeze ukiwa na chakula chako. Insulini ya mlo vivyo hivyo: hakuna mlo, hakuna sindano ya mlo. Insulini ya muda mrefu, ile inayochomwa mara moja au mbili kwa siku, usiiache wala usiipunguze kwa uamuzi wako. Tupigie kabla ya Jumatano saa 10 jioni tukuelekeze kulingana na dozi yako.

Kama una mashine ya kupimia sukari nyumbani, pima ukiamka. Ikiwa chini ya 4.0, au hata kama huna mashine lakini unatetemeka, unatoka jasho la baridi, moyo unakwenda mbio au kichwa kinakuwa chepesi, kufunga kumeisha hapo hapo. Koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, pumzika dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini, halafu kula. Kisha tupigie. Damu tutaichukua siku nyingine. Usijilazimishe kufika ukiwa hivyo, na usiendeshe gari wala pikipiki.

KUFIKA

Mlango unafunguliwa saa 12 na dakika 45 asubuhi. Wenye kisukari, wajawazito, wazee na waliokuja na watoto huingia kwanza, basi wakifika wajitambulishe mapokezi, wasikae nyuma ya foleni kwa kuona haya. Mjamzito anayepimwa sukari kwa kunywa maji ya glukosi ajiandae kukaa nasi zaidi ya saa 2, kwa kuwa damu inachukuliwa zaidi ya mara moja. Usile wala kutembeatembea katikati. Wengine wote, ukifika saa 1 kwa kawaida saa 2 utakuwa umemaliza.

Mwisho wa kuchukua damu za waliofunga ni saa 3 asubuhi. Tunaubana muda huu kwa sababu chembe hai zilizo ndani ya damu huendelea kula sukari hata zikiwa chupani, hivyo chupa lazima zifike maabara mapema. Ukichelewa njiani, piga simu, usigeuze kurudi nyumbani.

CHA KUJA NACHO

Fomu ya vipimo, kitambulisho, kadi ya kliniki, na kadi ya bima kama unayo. Dawa zako zote zije kwenye pakiti zake, si kwenye karatasi au kopo moja, maana "kile kidonge cheupe kidogo" kwetu ni dawa ishirini tofauti. Daftari la sukari au presha kama huwa unaandika. Waliopewa kikopo cha mkojo: mkojo wa kwanza wa asubuhi, acha wa mwanzo umwagike, kinga wa katikati, funga vizuri uandike jina lako.

Vaa nguo ambayo mkono wake unapanda juu ya kiwiko bila kubana. Na beba kitu cha kula baada ya kutoa damu, hili tafadhali lisisahaulike, hasa kwa mwenye dawa za sukari.

Mtu anayeogopa sindano, au aliyewahi kuzimia wakati wa kutolewa damu, atuambie tu. Tuna kitanda, utatolewa ukiwa umelala. Wengi tutawachukua chupa tatu, ambazo kwa jumla ni kama kijiko kimoja cha mezani. Mwili unairudisha bila wewe kuhisi. Ukimaliza, kandamiza pamba kwa dakika tatu mpaka tano huku mkono umenyooka. Kuukunja kiwiko ndiko kunakoleta alama ya bluu.

Kama una homa, umeanza dawa mpya wiki hii, au huwezi kuja, tujulishe ili nafasi yako apewe mwingine nawe upangiwe tarehe mpya. Majibu yatakuwa tayari Jumatatu tarehe 15 Juni, na utayapata kwa daktari wako ana kwa ana. Hatutumi majibu kwa ujumbe wa simu, wala hatuombi malipo kwa njia hiyo; akikupigia mtu akidai hivyo kwa jina letu, kata simu.

Tafadhali jibu ujumbe huu kwa neno NAKUJA au SIJI kabla ya Jumatano saa 10 jioni. Ukiwa na swali, piga namba hii hii kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni, muuguzi atapokea. Ukiwa unamsomea mzazi au jirani asiyeona vizuri, mkumbushe tena Jumatano jioni, na uhakikishe kuna jagi la maji karibu na kitanda chake.

Muuguzi kiongozi,
Chumba cha kutolea damu